Mrejesho: filamu ya miaka 40 ya ndoa ya wazee imekamilika

Niliuliza hivi: "Ndugu zangu, klipu za pongezi kwa baba na mama zimefika 23. Nyingine zina upepo mtupu, nyingine zimerekodiwa simu ikiwa wima. Naziunganishaje?"

Asanteni sana wote mliotuma. Jumamosi tuliitazama ukutani nyumbani Dodoma, dakika 18, na mama aliomba irudiwe.

Iliyonitesa zaidi ni klipu ya shangazi wa Kongwa. Alirekodi uwanjani, na upepo wa kwetu mnaujua. Nilikata sauti nzito za chini, zile za chini ya hezi 100 hivi, mngurumo ukapungua. Lakini pale upepo ulipoipiga maikrofoni hadi sauti ikapasuka, maneno hayakurudi. Hapo hakuna kichujio cha kuokoa. Nikampigia: "Shangazi, shikamoo, naomba urudie kwa sauti tu." Akaingia chumbani, akafunga dirisha, simu shubiri moja kutoka mdomoni. Sauti hiyo sikuiweka juu ya uso wake, maana midomo isingeendana na maneno. Niliiweka juu ya picha za shamba lake la alizeti, na kusema kweli ikapendeza kuliko klipu ya kwanza.

Za wima niliziacha wima, nyuma nikaweka nakala yake iliyotiwa ukungu. Kuzivuta zijaze skrini kulikata vichwa vya watu.

Binamu uliyerudia kutuma klipu yako kama dokumenti ili isipunguzwe ubora njiani, ahsante: uso wako ndio uliong'aa kuliko wote.