Friji la Rehema na jasho lake

Hadija: Assalaam alaikum wanafamilia. Lile friji jipya tumeliwasha jana, mbavu zote mbili zinachoma! Siyo joto la kawaida, mtoto kaegemea katoka mbio. Tulirudishe dukani?

Salum: Waalaikum salaam dada. Hapo kompresa inazidiwa. Lirudisheni kabla warantii haijaisha.

Rehema: Afadhali wewe. La kwangu mbavu zina joto kidogo ila fremu ya mlango inatoka jasho mpaka chini. Kila asubuhi nakanyaga maji. [picha]

Shangazi Mwanaidi: Hata mimi Rehema! Maji yanajaa chini ya madroo ya mboga, mchicha unaoza.

Salum: Rehema, gasi imepungua hiyo. Au mpira wa mlango umekufa.

Mjomba Omari: Subirini nitoke msikitini niandike. Salum, usimpe mtu hasara ya gasi bure.

Mjomba Omari: Haya. Hadija, usirudishe kitu. Mafriji ya zamani yalikuwa na wavu mweusi mgongoni, mnaukumbuka, bibi alikuwa anaanikia vitambaa pale. Ule wavu ndio uliokuwa unatupa nje joto lililotolewa ndani. Siku hizi mrija huohuo wameuficha ndani ya mbavu, umebandikwa kwa nyuma ya bati kwa utepe wa foili, halafu ndiyo likafuata povu la kuzuia joto. Kwa hiyo ubavu ndio wavu wako. Siku ya kwanza friji lina kazi ya kupoza kila kitu kuanzia joto la chumba, basi ubavu unachemka. Likishapoa na kompresa ikianza kupumzika, joto litashuka.

Hadija: Sasa mbona limebanwa katikati ya kabati na ukuta, fundi seremala kapima kabisa lisiache nafasi 😅

Mjomba Omari: Hapo ndipo kosa lilipo. Achia angalau vidole vinne kila upande. Joto likikosa pa kwenda kompresa haipumziki, na LUKU utaiona. Na tafadhali, asitokee mtu akatoboa ubavu kwa drili ili atundike kitu.

Idi: 🙈

Hadija: Idi alitoboa la hosteli, akitaka kutundika kifungulio cha soda. Likapuliza "fsss" mara moja, likafa.

Mjomba Omari: Tena shukuru hakuwasha kiberiti. Mengi ya sasa yana R600a, imeandikwa kwenye stika ya nyuma. Gasi hiyo inawaka.

Rehema: Mjomba, na mimi? Nimesahaulika.

Mjomba Omari: Sijakusahau. Kwanza niambie, lilitengenezwa lini mara ya mwisho?

Rehema: Mwezi wa nne. Lilikuwa halipozi kabisa. Fundi akasema kuna mrija umeoza kwa kutu, akaunga, akajaza gasi. Tangu hapo linapoza vizuri sana, barafu mpaka basi. Jasho ndilo limeanza hapo.

Mjomba Omari: Nilijua. Gusa nguzo ya katikati, ile kati ya mlango wa friza na mlango wa chini. Gusa kompresa ikiwa imenguruma dakika ishirini.

Rehema: Ya baridi. Na imelowa.

Mjomba Omari: Ilipaswa kuwa na uvuguvugu. Friji likitoka kiwandani, ule mrija wa joto ukishapita mbavuni huzungushwa tena kwenye fremu yote ya mlango, ndani ya bati, kabla gasi haijaenda kwenye filta. Kazi yake pale siyo kupoza chochote, ni kukausha jasho. Huo ndio huoza mapema, maana unakaa kwenye unyevu. Ukitoboka, fundi hawezi kuufikia bila kuchimba povu. Kwa hiyo anaukata pande mbili, anaunganisha moja kwa moja, friji linapoza, anachukua hela yake. Simlaumu kwa kuuruka, na mimi nimefanya hivyo mara nyingi. Ninachomlaumu ni kutokwambia.

Salum: Mjomba, sielewi. Kwa nini mtu apashe moto kitu anachotaka kiwe baridi? Si kupoteza umeme?

Mjomba Omari: Swali zuri. Mpira wa mlango una sumaku, lazima ushike bati. Bati hilohilo linajikunja kuelekea ndani, na pale pembeni povu ni jembamba, kwa hiyo ubaridi wa ndani unatembea kwenye bati mpaka nje. Rehema, simu yako inasema hali ya hewa ya Tanga ikoje sasa hivi?

Rehema: Nyuzi 30, unyevu asilimia 80.

Mjomba Omari: Toa 80 kwenye 100, inabaki 20. Gawa kwa 5, unapata 4. Toa 4 kwenye 30, inabaki 26. Hesabu ya haraka tu, ila pwani inatosha. Maana yake chochote chumbani mwako kilicho chini ya nyuzi 26 kitatoka jasho, kama gilasi ya maji ya baridi. Fremu yako isiyo na mrija wa joto ikiwa 22 tu, imeshalowa. Ingekuwa na uvuguvugu wa 30 na kitu, isingelowa. Joto kidogo linapenya ndani, ndiyo, Salum, hilo una haki. Ndiyo gharama yake.

Baba Zuhura (Dodoma): Huku kwetu sijawahi kuliona jasho hilo na friji langu mzee.

Mjomba Omari: Hewa yenu kavu, shemeji. Lilete Tanga wiki moja.

Salum: Kwa hiyo mpira hauhusiki?

Mjomba Omari: Unahusika nusu. Rehema, fungia noti ya elfu moja mlangoni, halafu ivute. Fanya hivyo kila pembe. Ikitoka bila kubanwa, hapo hewa ya mvuke inaingia, na utaona jasho na barafu sehemu hiyohiyo tu. Wewe unasema fremu nzima, basi ni mrija.

Rehema: Nimejaribu. Inabana kote isipokuwa pembe ya chini kulia, inateleza.

Mjomba Omari: Basi una yote mawili. Osha mpira kwa maji ya sabuni, pembe hiyo ipashe kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto mpaka ulainike, ufunge mlango. Na kitufe cha ubaridi kiko namba ngapi?

Rehema: 5. Ya mwisho.

Mjomba Omari: Rudisha 3. Fremu itapanda joto kidogo.

Salum: Naona mtandaoni kuna waya wa joto wa kubandika kwenye fremu. Hata mafriji mengine makubwa yanakuja nao, na swichi yake.

Mjomba Omari: Ya kiwandani sawa, imepimwa. Wa kubandika mwenyewe kwenye friji lenye gasi inayowaka, mimi sitaki. Fundi mwenzangu wa Pongwe anaweka na anasema hajawahi kupata tatizo. Tunabishana miaka sasa.

Shangazi Mwanaidi: Na mchicha wangu jamani?

Mjomba Omari: La kwako jambo jingine, dada. Ukutani kwa nyuma kuna tundu dogo juu ya madroo, limeziba. Tumia mrija wa soda na maji ya uvuguvugu, taratibu.

Rehema: Ripoti ya asubuhi: namba 3, mpira umeshika. Pembe ya chini ni kavu. Nguzo ya katikati bado ina matone, lakini hayafiki sakafuni. Nimeweka taulo.

Mjomba Omari: Nguzo itabaki hivyo. Pale friza iko juu na friji chini, ubaridi unatoka pande zote mbili. Ifute usiku, isije ikaota kutu.

Hadija: Seremala anakuja Jumamosi kukata kabati 😩