Uso uliobadilishwa unaelea mbele ya kichwa: nilinganisheje ukungu wa fokasi na ule wa mwendo?

MhaririWaTanga

Wanajukwaa, naomba msaada wenu. Ninahariri filamu fupi yenye kipande cha fremu 70 hivi, ambapo mtu anakuja na pikipiki kuelekea kamera kisha anakata kulia kwa ghafla. Aliyeendesha ni mwigizaji mbadala, na kwa makubaliano ya maandishi na wote wawili tunamvika uso wa mwigizaji mkuu. Programu ya kubadilisha nyuso imefanya kazi yake, nami namalizia kwenye After Effects.

Nikisimamisha picha, rangi na mwanga vimekaa vizuri. Nikiicheza, uso unaonekana kama kinyago kilichoning'inizwa mbele ya kichwa. Tulipiga kwa lenzi ya milimita 85 kwenye f/2, kamera yenye kihisi kikubwa, fremu 25 kwa sekunde, na mwendeshaji alipita umbali wa mita 2 hivi. Nimewasha Motion Blur kwenye leya ya uso lakini hakuna kilichobadilika. Nakosea wapi?

KijanaWaMontaji

Ndugu, hilo ni dogo. Weka Gaussian Blur ya pikseli 5 juu ya uso, kisha Directional Blur kufuata upande anaoelekea, uongeze au upunguze hadi macho yako yaridhike. Mimi hufanya hivyo kila mara na hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

MamaPicha

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina video ya harusi ambayo bibi harusi ametoka na ukungu kanisani kwa sababu fokasi ilishika maua. Je, njia hizi zinaweza kuurudisha uso wake ukawa mkali?

FundiLenzi

Dada MamaPicha, hapa tunaongeza ukungu, hatuuondoi. Tafadhali fungua uzi wako nami nitakuja huko.

MhaririWaTanga, tuanze na Motion Blur. Programu yako imetoa uso ukiwa tayari umekaa mahali pake katika kila fremu, kwa hiyo kwa After Effects leya hiyo imesimama tuli tangu mwanzo hadi mwisho, na leya isiyosogea haiwezi kupata mburuzo. Fuatilia kichwa cha mwigizaji mbadala, kisha ndani ya komposisheni ya kwanza tumia mwendo huo kinyume ili uso utulie katikati. Ingiza komposisheni hiyo ndani ya ya pili, urudishe mwendo uleule, na Motion Blur iwashwe kwenye hii ya pili peke yake. Ukungu wa lenzi uweke kwenye ile ya kwanza, uso ukiwa umetulia, na chenga za picha ziwe za mwisho kabisa, kwa kuwa chenga huzaliwa kwenye kihisi, mwanga ukiwa umeshapita kwenye lenzi.

Kuhusu kiasi, KijanaWaMontaji amepata mpangilio lakini amekisia kipimo. Una bahati ambayo wengi wetu huisahau: uso wa mwigizaji mbadala bado upo chini ya leya yako, na hakuna kipimo kinachoushinda. Zima leya, kuza picha hadi 400%, utazame nukta ya mwanga iliyo kwenye mboni ya jicho lake. Anapokata kulia, nukta ile hujivuta ikawa mstari mfupi, na urefu wa mstari huo ndio mburuzo unaoutafuta. Kwa fokasi, hesabu pikseli kutoka giza hadi mwanga kwenye ukingo wa kope lake, katika fremu ambayo kichwa hakikimbii, kisha hesabu kope hiyohiyo kwenye uso mpya. Usipimie usukani wala nyumba zilizo nyuma, maana havipo kwenye kina kimoja na uso.

MhaririWaTanga

Mkuu, nashukuru sana. Nimepima. Kope la asili lina ukingo wa pikseli 5, na la uso mpya lina 3, nadhani kwa sababu uso ulitoka mdogo nikaukuza. Kwa hiyo naongeza 2?

La pili linanishangaza zaidi. Kichwa kinasogea pikseli 24 kutoka fremu moja hadi nyingine, na kwa shata ya 1/50 nilitegemea mburuzo wa pikseli 12. Mstari wa jichoni una 6 tu.

FundiLenzi

Ukungu haujumlishwi kama shilingi. Kinachojumlishwa kwa ukaribu ni mraba wa upana: 5 mara 5 ni 25, ukitoa 3 mara 3 unabaki na 16, na kipeuo chake ni 4. Unahitaji ukungu wenye upana wa 4, ndiyo maana ukiweka 2 utaona kama hujafanya kitu. Hata hivyo namba ya kwenye kitelezi si upana wa ukingo, kwa hiyo kisogeze mpaka kope lako likisomwa upya litoe 5. Tumia Camera Lens Blur badala ya Gaussian, na uwashe Linearize Working Space kwenye mipangilio ya mradi. Usipoiwasha, nukta ya jichoni itafifia kuwa kijivu badala ya kutanuka kama kijiduara chenye mwanga, na jicho litaonekana limekufa.

Kuhusu mburuzo, amini picha, usiamini daftari. Pikseli 6 kati ya 24 ni robo ya fremu, maana yake shata ilikuwa 1/100. Weka Shutter Angle 90 na Shutter Phase -45. Ukiiacha Phase kwenye -90 wakati Angle ni 90, mburuzo hautakaa katikati ya mahali ulipofuatilia, na uso utaonekana umebaki nyuma ya kichwa kidogo kila anapokata kona.

KijanaWaMontaji

Nimejifunza hapo kwenye mraba. Lakini hizo hesabu zote kwa kipande cha sekunde tatu kweli zina tija?

SalmaKamera

Kwa skrini ya simu huenda hazina, ila yeye amesema filamu. Mimi huwa mshika fokasi, na ningependa kuongeza jambo moja. Kwa milimita 85, f/2 na mita 2, sehemu iliyo kali ni takriban sentimita 6 na nusu tu kwa jumla. Jicho likiwa kali, sikio tayari limelainika. Uso wako mpya unaishia kabla ya sikio, ambalo ni la mwigizaji mbadala, kwa hiyo shavu linapaswa kulainika polepole kuelekea huko. Chora mteremko wa kijivu, uutumie kama Blur Map. Ukitia ukungu sawasawa uso mzima, utabaki na kile kinyago chako, tofauti ni kwamba sasa kitakuwa kinyago laini.

MhaririWaTanga

Nimerudi baada ya siku mbili. Nimemuuliza mpiga picha, akakiri kwamba jua lilipotoka ghafla alibadilisha shata kuwa 1/100 bila kuandika popote. Kwa Angle 90 na mteremko wa dada Salma, kinyago kimeondoka katika fremu zote isipokuwa nne hivi, pale anapogeuza kichwa kutazama nyuma. Hapo pua inakimbia kuliko shavu, ilhali mburuzo wangu ni sawa uso mzima.

KijanaWaMontaji

Jaribu Pixel Motion Blur kwa hizo nne.

FundiLenzi

Inaweza kusaidia, ila itahesabu pia midomo inayotembea, na kwenye taya itavuta rangi ya mandhari ya nyuma kuingia usoni. Jambo jingine ni kwamba programu ilipewa fremu zilizokuwa na ukungu tayari, kwa hiyo huenda uso iliyotoa una mburuzo kiasi ndani yake. Tuwekee fremu hizo kabla na baada, zikiwa zimekuzwa jichoni, ndipo tujue tunapunguza au tunaongeza.