Neva 12 za kichwa: majina nataja kama maji, nikiulizwa ipi sensori ipi mota naganda. Msaada wakuu

MpigaMsuli
Wakuu heshima kwenu. Nipo chuo cha afya, mwaka wa kwanza, na vaiva ya anatomia ni Jumatatu. Majina ya neva kumi na mbili ninayo, hata mkiniamsha usiku nayataja kwa mpangilio. Shida ni kusema ipi ya hisia, ipi ya mwendo, ipi ina yote mawili. Kwenye jaribio la juzi nilisema ya tatu na ya kumi na moja ni mchanganyiko, mwalimu akaniangalia tu na kuandika kitu. Naomba njia ya kukariri isiyokimbia mtu akishatolewa macho.

ShangaziTabata
Kukariri ndiko kunakotuletea madaktari wa kubahatisha. Elewa somo, mwanangu. Kesho ni sisi tutakaolala kwenye kitanda chako.

Kiberiti
Umesahau neva ya kumi na tatu, ya kunusa pilau la jirani. Hiyo ni ya hisia na ya mwendo, maana ukisikia harufu miguu inatangulia yenyewe 😂

ZamuYaUsiku
Shangazi, hapa hapana cha kuelewa kabla ya kukariri. Mpangilio wa neva lazima ukae kichwani kwanza, uelewa unajengwa juu yake. Mkuu MpigaMsuli, andika hiyo sentensi unayotumia kukumbuka aina, neno kwa neno.

MpigaMsuli
Sentensi haina shida mkuu. Nimepewa na jamaa mmoja aliyepata A. Nataka tu mbinu ya kuishika vizuri zaidi.

BabaAbuu
Samahani kuingilia uzi. Mama yangu aliwahi kuamka mdomo umekwenda upande. Majirani wakasema ni upepo, tukamsugua mafuta wiki nzima. Hiyo nayo ni neva? Kwa sasa yuko sawa ila jicho moja linatoa machozi akila.

ZamuYaUsiku
BabaAbuu, nakuja kwako, tena swali lako linatufaa. MpigaMsuli, siwezi kutibu kidonda kilichofunikwa shuka. Weka sentensi.

MpigaMsuli
Haya. "Halima hapiki maharage, mchele, mihogo, mboga, maziwa, hali mtama, makande, mayai, magimbi." Maneno kumi na mawili. H ni hisia, M ni mwendo, M ni mchanganyiko.

Kiberiti
Halima anaishi kwa hewa.

ZamuYaUsiku
Nimehesabu M tisa. Ipi ni ya mwendo na ipi ya mchanganyiko?

MpigaMsuli
Unaangalia chakula chenyewe mkuu. Kinacholiwa kikiwa kimechanganywa na kingine ni mchanganyiko. Makande ni mahindi na maharage, kwa hiyo neva ya kumi ni mchanganyiko. Imekaa vizuri tu, na watu wanaipenda kwa sababu ni ya Kiswahili.

ZamuYaUsiku
Makande imekupa jibu sahihi, nakubali. Sasa twende kwenye maharage. Kwenu maharage yanapikwa na nazi au bila nazi? Kama ni na nazi, neva ya tatu umeifanya mchanganyiko, na ni ya mwendo. Mayai vilevile: mtu aliyezoea chipsi mayai lazima aseme ya kumi na moja ni mchanganyiko. Yale majibu yako mawili ya juzi hukuyasahau, uliyapata kutoka kwenye sentensi hiihii. Na maziwa je? Anayeyanywa matupu ataiita ya saba ya mwendo peke yake.

Jaribu hili. Mama wa makamo ameamka mdomo umevutwa kushoto. Jicho la kulia halifumbi, na paji la uso upande wa kulia halikunjiki. Ukimgusa mashavu kwa pamba anasikia sawa pande zote. Ukimpaka sukari mbele ya ulimi, upande wa kulia, hasikii utamu. Neva ngapi zimeguswa?

MpigaMsuli
Mbili. Ya saba imeharibu uso, na ya tisa imeharibu ladha. Hata maziwa ni ya mwendo tu, kama ulivyosema.

ZamuYaUsiku
Mimi nilisema sentensi yako ndiyo itakayokudanganya hivyo, na imekudanganya. Ni moja tu, ya saba. Inakunja uso, inafumba jicho, na inabeba ladha ya theluthi mbili za mbele za ulimi. Ya tisa inachukua theluthi ya nyuma, na sukari hatukuipaka huko. Pamba kwenye shavu ni kazi ya ya tano, na ya tano ni nzima ndiyo maana anasikia. Ungejua kwa uhakika kwamba ya saba ina pande mbili, usingeenda kutafuta neva nyingine ya kubebeshwa ile ladha.

BabaAbuu, huenda mama alipata hilohilo. Machozi wakati wa kula hutokea pale nyuzi za ya saba zinapoota upya na kuingia njia isiyo yake: zilizokuwa za tezi ya mate zinafika kwenye tezi ya machozi. Lakini kwa siku nyingine, mdomo ukienda upande huku paji la uso likikunjika vizuri pande zote mbili, msisugue mafuta. Huenda ni kiharusi, ni hospitali saa hiyohiyo. Na hata paji likigoma, hospitali bado, maana dawa yake inataka kuanza mapema.

NesiWaPwani
Mie nafundisha wanafunzi wa uuguzi, na hizi herufi tupu nimezichoka. O ziko tatu, T mbili, V mbili, A mbili, mtoto anajua ni O lakini hajui O ipi. Kwa hiyo tunatumia vitenzi, kila kitenzi ni kazi ya neva yenyewe na kinaanza na herufi yake:

Oza, ona, ongoza. Tazama, tafuna. Ambaa, finya, vuma. Gugumia, vinjari, amsha, hema.

Kilichooza kinanuka, hiyo olfaktori. Ona ni optiki. Ongoza ni okulomota, inayoongoza misuli minne kati ya sita ya jicho. Tazama chini kwenye pua yako, troklea. Tafuna, trijeminali. Ambaa, jicho linakwenda nje likiikimbia pua, abdusensi. Finya uso, feshali. Vuma ni sauti sikioni. Gugumia ni kumeza, glosofarinjia. Vinjari ni vagasi, inayoteremka kifuani hadi tumboni. Amsha mabega, aksesori. Hema ulimi nje kama mbwa, hipoglosali. Ukijua kitenzi, aina unaiona humohumo, huhitaji sentensi ya pili.

ZamuYaUsiku
Dada Nesi, hii naiiba. Ila hapo mwisho hapana. Tafuna ni mwendo, na mwanafunzi ataiita trijeminali ya mwendo wakati ndiyo inayobeba hisia ya uso mzima. Finya na gugumia zina mtego huohuo, vinjari pia. Zile nne za mchanganyiko ndizo hasa vitenzi vyako vinazificha.

NesiWaPwani
Hapo umenishika. Wanangu huwa wanakosea ya tano, nikadhani ni uvivu.

TabibuMtarajiwa
Na ya tatu ni mchanganyiko kweli. Inasinyaza mboni ya jicho, na hilo si la msuli wa hiari. MpigaMsuli alionewa.

ZamuYaUsiku
Kusinyaza mboni ni kweli kazi yake, na kweli si la hiari. Lakini ni amri inayotoka kwenye ubongo kwenda nje, na mwelekeo huo ndio unaoipa jina la mota. Taarifa ya mwanga uliomulikwa inaingia kwa ya pili. Mulika jicho ambalo neva yake ya pili imekufa: hakuna mboni inayosinyaa. Mulika lile zima, zote mbili zinasinyaa, hata ya jicho lisiloona. Ya tatu inatoa, haiingizi.

TabibuMtarajiwa
Vipo vitabu vinavyosema misuli ya macho inarudisha hisia ya mkao wake.

ZamuYaUsiku
Vipo, na hizo nyuzi zinapita njia gani watu bado wanabishana. Kwenye vaiva sema mota, ubishi utauleta ukishakuwa na digrii.

Aina ninazikumbuka hivi, S sensori, M mota, B bothi: "Sasa sikia, mama: mtoto bado mdogo, baba safarini, bibi, babu mashambani mbali." Imbeni juu ya vitenzi vya Nesi, kidole kimoja neno moja. Oza sasa, ona sikia, ongoza mama, tazama mtoto, tafuna bado. Ukifika finya ni baba, ukifika vuma ni safarini. Angalia ukiwa kwenye "bado": kama kidole hakiko kwenye tafuna, umeruka neno, rudi mwanzo.

ShangaziTabata
Ile ya Kiingereza ya kuoa pesa mbona tuliitumia vizuri tu enzi zetu, kaka anasema akili ndiyo muhimu.

Kiberiti
Shangazi kumbe na wewe ulikariri! 😂

MchunguziHuru
Ngojeni kidogo. Sentensi ya Halima nimeiona jana kwenye desa linalouzwa stesheni, ukurasa wa nne, na mpaka magimbi yapo. Huyu hana vaiva wala jamaa wa A. Anauza madesa, anatafuta watu waulizie.

Kiberiti
Nilijua. Halima ni tangazo.

MpigaMsuli
Vaiva ninayo kweli. Desa ni langu, sikatai. Jamaa wa A ndiye aliyenipa sentensi, mimi nikachapa, niko kwenye kundi la kusomea na wenzangu walichanga hela ya kutoa kopi. Nilipokosea juzi ndipo nikaanza kuogopa kwamba tatizo liko humo. Lakini kurudisha hela siwezi, imeshalipwa stesheni. Na wengine wameshaikariri, nikiibadilisha leo nitawachanganya kabla ya Jumatatu. Si bora niwaambie tu maharage ni bila nazi?

MchunguziHuru
Hadithi inabadilika kila ukibanwa. Leteni ushahidi wa vaiva.

ZamuYaUsiku
Awe na vaiva asiwe nayo, lile desa lipo na watu wanalisoma. Ukisema maharage bila nazi umeokoa ya tatu tu. Na mihogo je, kwa sababu ya tano ni mchanganyiko na mihogo ya kuchoma inaliwa mitupu. Utawaandikia mapishi mangapi?

NesiWaPwani
Toa karatasi moja tu, nusu ukurasa, vitenzi juu na "sasa sikia mama" chini, ibanwe kwenye ukurasa wa nne. Haifiki bei ya soda.

MpigaMsuli
Halima nimfute kabisa au nimwache kwa wale walioshamzoea?

Kiberiti
Mwache ale kwanza.

BabaAbuu
Dokta, hayo machozi yana dawa au ndiyo basi?