Kutoka PS4 kuingia kompyuta: hii Dell ya dola 130 inafaa, ao nibaki na PS4?

Mwana wa Katuba
Bandugu, jambo kwenu. Niko na PS4 Slim tangu 2019 na nimechoka kulipia PS Plus ili tu nicheze na batu mtandaoni. Kuna mtu hapa Lubumbashi ameleta kompyuta za ofisi kutoka Dubai. Moja ni Dell OptiPlex, i5, RAM 8, anaomba dola 130. Anasema nikiweka karte grafike inakuwa mashine ya michezo. PS4 imepata mteja wa dola 150, anataka jibu Jumamosi. Nichukue Dell hiyo, ao niunge kompyuta yangu kipande kwa kipande? Na vitu vyangu vya PS4, nitahama navyo?

Fundi Kampemba
Kwa maelezo haya hakuna atakayekujibu sawasawa. i5 ya kizazi gani? OptiPlex gani, kubwa ao ile nyembamba? Unacheza nini? Mtu wa GTA na mtu wa mpira hawanunui mashine moja.

Kadogo
Achana na kompyuta za ofisi, chukua laptopu. Kurani ikienda, wewe unaendelea. Na ujue manete ya PS4 haishiki kwenye kompyuta, utanunua ya Xbox.

Yaya Bibiche
Kadogo, hapo kwa manete umesema nusu. Miye natumia ya PS4 kila siku. Steam inaitambua yenyewe, kwa waya ao kwa blutuuthi. Michezo iliyo nje ya Steam ndiyo mara nyingi inangojea ya Xbox tu, na hapo unaweka DS4Windows, ambayo ni ya bure. Waya nao uangalie. Zile za bei ndogo za simu nyingi zinachaji tu, hazipitishi data. Manete itawaka taa na kompyuta haitaona kitu, utafikiri imekufa.

Mwana wa Katuba
Samahani, nilisahau. Nimerudi kusoma karatasi yake: OptiPlex 7010, i5-3470, ni ile nyembamba. Nacheza FC kuliko vyote, GTA V, na mdogo wangu Fortnite. Ekrani ni televizyo ya inchi 32. Jumla niko na dola 300, pamoja na za PS4.

Fundi Kampemba
Sasa tunaweza kuongea. GTA V ilipofika kwenye kompyuta mwaka 2015, i5-3470 ndiyo iliyoandikwa kwenye mahitaji yaliyopendekezwa, pamoja na GTX 660. Kwa hiyo GTA V ile ya zamani utacheza vizuri, muuzaji hakudanganyi.

Shida yako ni FC. FC 26 inaanzia i5-6600K na GTX 1050 Ti, na inadai Secure Boot na TPM 2.0, ulinzi unaokaa ndani ya kompyuta yenyewe. Hiyo 7010 iko na TPM 1.2. Unaweza kulipa mchezo, ukaushusha gigabaiti karibu 100 kwa mega zako, halafu ukakataliwa mlangoni. Hakuna karte grafike itakayoponyesha jambo hilo.

Halafu, kasha nyembamba linapokea karte fupi tu, na alimentasyo yake ni wati 240, haina waya wa ziada wa kulisha karte. Inabaki 1050 Ti ao 1650 ya kimo kifupi, inayokula kupitia tundu lake peke yake. Na za kimo kifupi zinauzwa ghali kuliko za kawaida.

Mwambie akutafutie yenye i5 ambayo nambari yake inaanza na 8, kama i5-8500. OptiPlex 3060, 5060 na 7060 ni za kizazi hicho. Hizo zinapokea Windows 11, nayo 7010 haimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 iliacha kutunzwa Oktoba 2025.

Mutoto wa Ruashi
Na CD zake je? Miye niko na CD 9 za PS4. Kompyuta yangu iko na mulango wa CD, naweza kuzitia?

Yaya Bibiche
Hapana, mdogo wangu. CD ya PS4 ni Blu-ray, ule mlango wa DVD hauisomi hata kidogo. Na hata ungekuwa na wa Blu-ray, mchezo umeandikiwa PS4 tu. Ulivyonunua kwenye PlayStation vinabaki kule. Hilo ndilo linaniuma hadi leo: zamani nikimaliza mchezo, nabadilishana CD na jirani, naongeza dola 5, napata mwingine. Kwenye Steam ukishalipa ni wako peke yako, hauuzishi.

Papa Shindano
Nitasema yaliyonipata, musikilize vizuri. Mwaka jana nilinunua 1050 Ti ya dola 60, mupya kwenye karatoni. Windows ikaandika GTX 1050 Ti, nikafurahi. GTA ikafunguka, dakika kumi picha zinakatika, halafu ekrani nyeusi. Nikafikiri ni kurani, nikanunua stabilizatere. Ikaendelea. Nikabadilisha RAM. Ikaendelea. Mwishowe kijana mmoja akaniuliza, "Papa, mbona karte yako iko na tundu la VGA?" Miye ndiyo nilikuwa nimelipendea, sababu ekrani yangu ni ya zamani. Kumbe GTX 1050 Ti ya kweli haina VGA. Tukafungua GPU-Z, programu inayosoma karte, ikaandika [FAKE] mbele ya jina. Ndani mulikuwa karte ya zamani sana, GTS 450, wameibadilishia jina. Muuzaji akasema karatoni imeshafunguliwa, hakurudisha hata dola moja. Kwa hiyo usilipe mbele ya kuona GPU-Z kwa macho yako, dukani mule mule.

Kadogo
Pole, Papa. Lakini stabilizatere ilikuwa ya lazima tu, kurani yetu inaua mashine.

Fundi Kampemba
Stabilizatere inanyoosha volti, lakini kurani ikikatika inazimika nayo. Anayeokoa ni UPS. Dell na 1050 Ti havifiki wati 200, ile ya 650 VA itakupa dakika za kuzima kwa utaratibu.

Kadogo
Laptopu iko na betri yake, hainunui UPS.

Fundi Kampemba
Na betri hiyo hiyo ndiyo inapunguza nguvu ya karte ukichomoa waya. Jaribu FC kwenye betri utuambie.

Mwana wa Katuba
Na timu yangu ya Ultimate Team? Nimeijenga tangu Septemba. Nitaianza upya?

Yaya Bibiche
Upya, ndiyo. Kompyuta iko na soko lake peke yake, klabu ya PlayStation haihamii kule. Ya mdogo wako itahama: unganisha PS4 na akaunti ya Epic mbele ya kuuzisha, Fortnite atakuta nguo zake zote. Televizyo unabaki nayo, waya wa HDMI uingie kwenye karte, si kwenye tundu la Dell. Na mega usiziogope sana: mwenye mchezo uleule akunakilie folda yake kutoka `steamapps\common`, weka pahali pale pale kwako, bonyeza kusakinisha, Steam itahakiki na kushusha kilichopungua tu. Lakini mchezo uwe umeununua.

Papa Shindano
Usiuzishe PS4 kwanza. Dola 150 haina haraka.

Fundi Kampemba
Akiishika PS4 anabaki na dola 150 tu, Papa, na hiyo si bei ya kizazi cha 8 pamoja na karte.

Mwana wa Katuba
Nimempigia muuzaji. Anasema iko na 5060 moja, i5-8500, lakini nyembamba tena, dola 190. Karte fupi hana. Leo saa kumi naenda kuifungua nione. Mteja wa PS4 bado hajajibiwa.

Mutoto wa Ruashi
Mwana wa Katuba, CD zako za GTA na FC ukiziacha, miye nachukua. Bei gani?