Ushauri: mofini imepungua moja asubuhi, na jana usiku nilisaini bila kuhesabu

Usiku Mrefu (mwenye uzi)
Wakuu habari za asubuhi, hasa nyie wa wodini. Nimetoka naiti sijafumba jicho na inchaji anataka maelezo yangu ya maandishi kabla ya jioni, naombeni mawazo.

Iko hivi. Asubuhi saa 1 na nusu tunakabidhiana, mimi natoka na dada wa mchana anaingia, tumeanza na vitu vya kawaida, glavu, kanula, dripu, oksijeni, vyote sawa. Tukafika kwenye lile kabati la kufuli mbili. Nikafungua, nikatoa trei, dada akashika rejista akasoma "mofini, baki 12". Mi nahesabu: boksi moja la 10 halijafunguliwa, na ampuli moja pembeni. Nikahesabu tena. Nikainua trei nikaangalia chini yake, nikapapasa hadi nyuma kule kwenye kona ya kabati, hamna. Ziko 11.

Usiku nilitumia 2 tu. Ya kwanza saa 4 kitanda namba 3, miligramu 10 yote. Ya pili saa 9 kitanda namba 7, huyo kaandikiwa 5 kwa hiyo nusu nikampa na nusu tukaimwaga na mwenzangu akiwa shahidi, kasaini. Rejista ilikuwa 14, ikawa 13, ikawa 12. Imeandikwa vizuri kabisa, na chati za wagonjwa zinasema hivyohivyo.

Sasa yanayoninyima usingizi ni mawili. Moja, jana usiku nilivyoingia sikuhesabu. Kulikuwa na mgonjwa anateremshwa kutoka tieta, nikaona boksi liko na ampuli za pembeni ziko, nikasaini 14. Pili, saa 10 alfajiri nilienda kupumzika kidogo nikamwachia mwenzangu funguo zote.

Huyo mwenzangu asubuhi kaninong'oneza "andika imevunjika tukapumzike". Nimekataa, lakini tangu hapo namwangalia vingine na sipendi. Je kwenye maelezo niandike habari ya funguo? Na hilo la kusaini bila kuhesabu niliseme au nikae kimya?

Mtu wa Stoo
Pole sana dada. Huu wizi upo kila mahali, sisi glavu zinaisha kabla ya wiki kuisha na hakuna anayejua zinakwenda wapi. Dawa yake ni kuandika jina la wodi kwenye kila boksi kwa maka peni. Tangu tuanze hivyo zimepungua kutembea.

Usiku Mrefu
Asante mkuu ila sio glavu, ni mofini. Glavu zikipungua naitwa mzembe, hii wanaweza kuniita mwizi.

Dakta Mtarajiwa
Mi nadhani jibu unalo hapohapo. Kitanda 7 ulitumia nusu, hiyo nusu iliyomwagwa ndo iliyowachanganya kwenye hesabu. Halafu rudini kwenye sefti boksi mhesabu ampuli tupu, zikiwa 2 basi hukutumia zaidi, zikiwa 3 basi kuna aliyechoma bila kuandika.

Sista Mkongwe
Dakta wangu, nusu haina cha kuchanganya. Ampuli ikishavunjwa shingo imetoka kwenye hesabu, uchome yote uchome nusu, kwenye safu ya baki inatoka 1. Nusu iliyomwagwa inaandikwa kwenye mstari huohuo, kiasi alichopewa, kiasi kilichomwagwa, saini mbili. Hiyo kaifanya vizuri.

Na la sefti boksi, tafadhali mtu asiende kuingiza mkono mule. Nimeona nesi kajichoma sindano ya mgonjwa asiyemjua kwa kutafuta vitu kwenye hilo boksi. Isitoshe ampuli tupu haisemi imetumika lini, boksi lenyewe lina siku 3 mule wodini.

Sasa wewe Usiku Mrefu, tuliza kichwa unijibu kitu kimoja. Ulivyofungua kabati saa 4, pembeni ya boksi uliona ampuli ngapi? Usipige hesabu. Nataka ulichoona kwa macho.

Usiku Mrefu
Sista umenifanya nifumbe macho kabisa. Nakumbuka nilivyochukua ile ya kwanza trei iliinama kidogo, zilizobaki zikabingirika zikagongana tii, nikashtuka nikidhani zimepasuka nikaziangalia kwa tochi ya simu. Zilikuwa mbili. Nina uhakika mbili, moja nilizuia kwa kidole.

Sista Mkongwe
Haya. Umechukua 1 zikabaki 2, kwa hiyo ulizikuta 3. Boksi 10 na hizo 3 ni 13. Wewe ulisaini 14. Saa 9 ukachukua nyingine ikabaki 1, na asubuhi umeikuta hiyohiyo 1. Unaona? Kati ya saa 4 na asubuhi hakuna kilichotoka zaidi ya ulichotoa wewe. Funguo zililala kwa mwenzako saa 10 ndiyo, lakini upungufu ulishakuwepo kabla hata hujazishika wewe mwenyewe. Ila hii inasimama kama lile boksi sili yake haijaguswa. Iko vipi?

Usiku Mrefu
Haijaguswa, juu na chini, dada wa mchana kaiangalia mbele yangu. Yaani Sista nimekaa kitandani nalia, nilishaanza kumchukia mtu bure.

Sina Dogo
Msimkimbizie mwenzake msamaha haraka hivyo. Mtu asiye na kitu anakwambia andika imevunjika? Ampuli ikivunjika kuna vioo, kuna majimaji, kuna shahidi. Huyo kaielewa mapema mno njia ya kutokea.

Bonge la Zamu
Si lazima awe mbaya, wengine ni uchovu tu, saa 1 asubuhi mtu anasema lolote ili alale. Mimi ilinitokea na pethidini. Usiku wodi ya jirani wanaishiwa, nesi wao kaja mbio mgonjwa anapiga kelele, nikampa 1 nikasema nitaandika nikirudi. Nani alirudi? Asubuhi ikapungua na sikumbuki kitu, nikaapa mbele ya metroni kuwa sijatoa. Mchana yule nesi ndo kapiga simu kuuliza anirudishie lini. Nikapewa barua ya onyo, na nilistahili. Kwa hiyo uliza wodi za jirani, na toroli ya dharura ikaguliwe.

Kaka Famasi
Nimechelewa ila ngoja niseme, mi niko upande wa famasi na hizi kesi zinaishia mezani kwangu. Kabla hamjamtafuta mtu, tafuteni namba. Rejista inarudishwa nyuma mpaka siku ya mwisho mliyopokea mzigo kutoka kwetu, pale ndipo penye saini ya famasi na ya wodi. Unaanzia hapo unashuka mstari kwa mstari, unajumlisha na kutoa mwenyewe kwenye karatasi ya pembeni, huamini namba ya mtu hata moja. Macho yako yawe zaidi kwenye ukurasa mpya unapoanza, kwenye ile "baki kutoka ukurasa uliopita". Makosa mengi nayokutana nayo yamelala pale, mtu anafunua ukurasa huku anaongea na ndugu wa mgonjwa, 3 inakuwa 8.

Zikikubaliana namba zote ndo unachukua kila mstari unaulinganisha na chati ya mgonjwa, maana hapo swali limeshakuwa jingine.

Na mkilikuta kosa msifute, msipake wino mweupe, msigeuze 2 kuwa 1. Uliopo unabaki. Mnaandika mstari mpya, tarehe na saa, idadi iliyohesabiwa kwa mkono, sababu kwa kifupi, saini mbili, na inchaji anajua. Rejista iliyokaziwa wino inatutisha kuliko ampuli iliyopotea.

Usiku Mrefu
Kaka Famasi nimempigia dada wa mchana nikamsomea hii ulivyoandika. Kasema inchaji na mfamasia wetu wanakaa nayo saa 7. Je maelezo yangu niyasubirishe mpaka wamalize?

Sista Mkongwe
Usisubiri. Andika sasa kabla hujajua walichokuta, ndo yatakuwa na uzito. Andika ulichofanya na ulichoona kwa saa zake. Kwamba uliingia ukasaini 14 bila kutoa ampuli kuhesabu, andika hivyohivyo, usiseme "kwa sababu ya msongamano wa kazi". Kwamba saa 10 ulimwachia fulani funguo na ulizipokea saa ngapi. Kwamba saa 4 uliona mbili zimebaki. Hayo ya "nahisi" na "huenda" yaache nyumbani. Na hilo la "andika imevunjika", hapo mwenyewe sijui nikushauri nini. Ukiulizwa usidanganye.

Sina Dogo
Mi nisingeandika kukiri kosa kabla ya kuongea na mtu wa chama cha wafanyakazi. Karatasi ikishaingia kwenye faili haitoki.

Bonge la Zamu
Saini yake iko kwenye rejista, hiyo nayo si imeshaingia kwenye faili? Aongee na chama sawa, ila aandike.

Usiku Mrefu
Mrejesho. Nimelala masaa 3, nimeamshwa na simu ya inchaji.

Wamerudi mpaka mzigo wa mwisho. Zilikuwa 2, zikaingia 20, zikawa 22. Mpaka mwisho wa ukurasa zimetoka 7, chini pameandikwa 15, sahihi. Kufunua ukurasa, juu pameandikwa 16. Hapo ni juzi usiku. Zikatoka 2, ikaandikwa 14 na ukweli ulikuwa 13. Nikatoa 2 zangu. Chati zote zimekubaliana, 11 ndo idadi halali. Hakuna iliyoibiwa.

Ila toka ukurasa huo ufunuliwe makabidhiano yamepita 3, saini 6, hakuna aliyeona. Moja ni yangu. Inchaji kasema wote tuliosaini tunaandika maelezo, na mimi nilishapeleka yangu, nimeandika yote, hata la funguo. La kuvunjika sikuandika na hajaniuliza.

Kaka Famasi
Afadhali. Kwenye kukabidhi, boksi lenye sili nzima hesabuni 10 msilipasue. Lililofunguliwa, toa zote kwenye trei, mmoja anahesabu na mwingine anasoma rejista, halafu mnabadilishana.

Sina Dogo
Na aliyeandika 16 ni nani?

Usiku Mrefu
Saini haisomeki. Kila mtu anasema sio yake.

Nimeingia zamu saa 2 hii. Mwenzangu ni yuleyule, kaniamkia kwa sauti ya chini. Nimetoa trei, nimehesabu, kaka wa jioni anagonga kalamu mezani anasema namchelewesha. 9, maana mchana zimetoka 2 na boksi lishafunguliwa. Nimezipanga mstari nikamwambia naye ahesabu.