Mrejesho: akaunti 6 zilizofunguliwa kabla ya Workspace

Niliuliza: "Wafanyakazi 6 walishafungua akaunti za Google kwa barua pepe za kampuni kabla sijaweka Workspace. Nazichukuaje bila kupoteza mafaili yao?"

Asanteni wakuu, imekubali. Kwenye admin.google.com, upande wa Users, nilifungua Transfer tool for unmanaged users nikawatumia maombi ya kuhamishia akaunti zao kwenye Workspace ya kampuni. Watano walikubali, wakaingia na mafaili yao yote. Wa sita alidhani ni matapeli, akakataa (simlaumu). Kwa haraka zangu nikamtengenezea akaunti mpya kwa anwani ileile, ikaja tupu. Ya zamani imebaki yake binafsi, imepewa jina la muda lenye @gtempaccount.com. Sasa anaingia humo na kushea mafaili kwenda akaunti mpya, moja moja.