Kufunga kunanenepesha? Mwaka jana niliongeza kilo 3 Ramadhani

Mama Wawili: Wadau, salaam. Niko Tanga. Daku siamki, usingizi mtamu. Mara ya mwisho kula ni saa nne usiku, kisha mpaka magharibi. Mwaka jana nilitoka na kilo 3 zaidi. Mume wangu anasema metabolizimu imelala. Kweli?

Mzee wa Tizi: Shemeji kasema kweli. Ukikaa na njaa, mwili unabana matumizi na kila unachokula unageuka mafuta.

Nesi Mstaafu: Mzee, huko kubana matumizi ni kwa mtu anayekula kidogo wiki nyingi mfululizo, na hata yeye si kila anachokula kinageuka mafuta. Kwa saa 13 au 14 za swaumu, ini linatoa sukari liliyoiweka akiba. Ikipungua, mwili unaanza kuchoma mafuta. Waliopimwa ndani ya Ramadhani, uchomaji wao wakiwa wametulia haukuporomoka. Kinachopungua ni kutembea, maana mchana tunalala. Bi Mama Wawili, hebu tutajie futari yako.

Mama Wawili: Tende, uji, mihogo ya nazi, kaimati sita hivi, juisi ya ukwaju glasi tatu. Saa nne wali.

Nesi Mstaafu: Juisi ukiitia vijiko vikubwa vitatu vya sukari kila glasi, hizo tatu ni kama kalori 400, karibu sahani nzima ya wali mtupu, na hujatafuna kitu! Kaimati nazo zimekunywa mafuta, kisha zikaogeshwa shira. Usipokula daku unakaa saa 20 tumbo tupu, ndiyo maana magharibi mkono hausimami. Anza na tende tatu, maji na uji usio na sukari nyingi, ukaswali. Ukirudi, kula mhogo na samaki au maharage, ndiyo iwe mlo wenyewe. Wali wa saa nne uache. Daku amka saa kumi: kiazi kitamu cha kuchemsha, mayai au maharage, mtindi, maji. Samaki wa chumvi usiguse, utashinda na kiu.

Babu wa Makorora: Mimi nina sukari, natumia glibenklamaidi. Na mimi nile hivyo?

Nesi Mstaafu: Hapana babu, yako ni habari nyingine. Dawa hiyo inaweza kukuangusha mchana. Nenda kliniki kabla ya mwezi kuandama, wakuambie kama ufunge na dozi ibadilishwe vipi. Ukitoka jasho na kutetemeka, pima. Ikiwa chini ya 3.9 fungua hapo hapo, hata kama imebaki nusu saa.

Mzee wa Tizi: Mbona mimi kila mwaka napungua kilo 2 na kaimati nakula?

Nesi Mstaafu: Na Shawwal?

Mzee wa Tizi: Zinarudi. Lakini bado sijakubali.

Mama Wawili: Daku nitajaribu. Kaimati anapika mama mkwe, na anahesabu nani kala ngapi.